Zima Moto Kabla ya Spiriti: Kusoma Jaribio la Wanga

Maelekezo ya kupima wanga katika jani husomwa mpaka mwisho kabla ya kuwasha moto. Anza na sharti: mmea uwe umepata jua kwa saa kadhaa. Ukichuma jani la mmea uliokaa gizani siku mbili, hutaona wanga hata ukifuata hatua zote.

Kisha angalia mfuatano. Jani huchemshwa kwenye maji kwa dakika moja ili lilainike na kupitisha dawa. Halafu moto huzimwa, ndipo jani huingizwa kwenye neli yenye spiriti, na neli kusimamishwa ndani ya maji yale ya moto. Mvuke wa spiriti hushika moto upesi. Nayo huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, hivyo maji hayo yanatosha.

Spiriti huondoa rangi ya kijani ambayo ingeficha matokeo. Jani hubaki limekakamaa. Lisuuze kwa maji ya moto, kisha lidondoshee iodini. Buluu iliyokoza kuelekea weusi ni wanga; kahawia, hakuna.

Kwa hiyo, pigia mstari maneno “zima moto” kabla hujagusa kifaa chochote.