Sitakuwepo Jumatatu

Aliyezoea barua za serikali anajua nafasi ya mstari wa «YAH:». Unakaa chini ya salamu, kwa herufi kubwa, umepigiwa mstari. Msomaji anaufikia akiwa ameshaishika barua mkononi, kwa hiyo hata ukirefuka hakuna hasara. Kwenye barua pepe mambo yamegeuka: kichwa kinasomwa kabla ya barua kufunguliwa, na mara nyingi kinasomwa kwenye simu.

Simu nyingi huonyesha herufi kama 30 hadi 40 tu za kichwa, kisha hukata. Chukua mhasibu anayemwandikia mkuu wake: «Taarifa ya kutokuwepo kazini kwa sababu za kifamilia tarehe 14 Julai». Ni Kiswahili safi cha ofisini, lakini bosi aliye kwenye daladala anaona «Taarifa ya kutokuwepo kazini kwa sababu…» basi. Tarehe, ambayo ndiyo aliyoihitaji, imemezwa.

Mhasibu yuleyule angeandika hivi: «Sitakuwepo Jumatatu 14 Julai – malipo atashika msaidizi». Hadi kwenye Julai ni herufi 28, pamoja na nafasi. Hata mkia ukikatwa, jambo limefika. Jina lake halina haja ya kurudiwa, kwani programu inalionyesha pembeni, isipokuwa kama anatuma kwa anwani ya pamoja ya ofisi. Siku na tarehe ziende pamoja. «Kesho» haifai hata kidogo: barua ya Jumapili usiku ikisomwa Jumatatu asubuhi, kesho hiyo imekuwa Jumanne.

Kitenzi nacho kina kazi. «Sitakuwepo» inatoa taarifa. Mpokeaji anapanga zamu na kuendelea. «Naomba ruhusa Jumatatu 14 Julai» inamdai jibu. Wengi huandika la kwanza wakimaanisha la pili, kwa haya nadhani, kisha wanashangaa mbona hawajajibiwa. Kama ruhusa bado hujapewa, omba waziwazi.

Ukiugua ghafla, «Sitaingia leo 14 Julai, naumwa» inatosha. Ugonjwa wenyewe uweke ndani ya barua, tena kama ni lazima. Kichwa hujitokeza kwenye simu iliyofungwa, na hata ukutani pale kompyuta ya mkuu inapounganishwa na projekta katikati ya kikao.

Kuna tabia moja inayoharibu hata kichwa kizuri: kufungua barua ya zamani na kubonyeza kitufe cha kujibu ili usitafute anwani. Taarifa yako inasafiri chini ya «RE: Bajeti ya Mei», nayo inajipanga kwenye mnyororo wa bajeti ambao mtu anaweza asiufungue wiki nzima. Anzisha barua mpya. Safari ikiahirishwa, tuma nyingine: «Mabadiliko: sitakuwepo Jumanne 15 Julai», na ndani useme kwamba Jumatatu utakuwepo.