Namna ya Kugeuza Rekodi ya Kikao cha Tathmini ya Mradi Kuwa Marekebisho Yanayotekelezeka

Mradi wa maji kijijini unaweza kuhitimishwa kwa kikao cha tathmini ambacho hukutanisha kamati ya mradi, mafundi na wananchi, na mazungumzo hayo yanaweza kurekodiwa kwa simu. Hata hivyo, rekodi ya saa moja na nusu haimsaidii mtu hadi igeuzwe kuwa waraka mfupi wenye sehemu tatu: yaliyofanikiwa, yaliyokwama na mabadiliko ya kujaribiwa katika mradi unaofuata.

Kazi huanza kabla ya kikao. Washiriki waelezwe kuwa wanarekodiwa, kwa madhumuni gani, na nani atasikiliza. Simu iwekwe katikati ya duara badala ya meza ya mwenyekiti, kwa kuwa sauti za walioketi nyuma ndizo hupotea kwanza.

Baada ya kikao, katibu asikilize rekodi yote mara moja bila kuandika. Anaporudia, aandike kila hoja pamoja na dakika iliposemwa, akitenganisha tukio na maoni. "Tulikaa wiki tatu bila kulaza mabomba" ni tukio. "Fundi alikuwa mzembe" ni maoni. Maoni hayatupwi, lakini hayaingii katika waraka mpaka tukio linaloyaunga mkono lipatikane.

Tuchukulie mfano wa kijiji kilichojenga vituo vipya vya kuchotea maji. Katika rekodi, kauli kwamba mabomba yalichelewa inasikika mara tano. Katibu mwenye haraka angeandika kuwa kilichokwama ni ucheleweshaji wa mabomba, na kupendekeza kuwa mzabuni ahimizwe. Lakini alama za dakika zinaonesha kuwa kauli nne kati ya hizo ni za mtu mmoja. Kurudiwa kwa hoja hakuifanyi kuwa ushahidi.

Katika dakika ya 41, mtunza stoo anasema kwa sauti ya chini kuwa mabomba yalifika kwa wakati, ila yalikuwa ya milimita 63 na viungio vilivyoletwa vilikuwa vya milimita 50. Dakika mbili baadaye fundi anaeleza kuwa orodha ya manunuzi ilinakiliwa kutoka mradi uliopita na haikulinganishwa na mchoro mpya kabla ya kusainiwa. Hapo ndipo chanzo kilipo. Laiti katibu angeishia kwenye kauli iliyorudiwa, mzabuni angelaumiwa bure na kosa lile lile lingejirudia.

Sehemu ya mafanikio nayo inahitaji chanzo. Maneno "ushirikiano mzuri wa wananchi" hayamfundishi mtu kitu. Katika mfano wetu, mitaro ilikamilika kabla ya muda kwa sababu kila kitongoji kilipimiwa sehemu yake na kuwekewa vigingi, hivyo kila kaya ikajua inapoanzia na inapoishia. Hilo ndilo la kuandika, kwa sababu linaweza kurudiwa.

Mabadiliko ya kujaribiwa yawe machache, mawili au matatu. Kila moja litokane na chanzo kilichosikika katika rekodi, liwe na mhusika, muda na alama ya kulitambua kuwa limefaulu. Kwa mfano: kabla orodha ya manunuzi haijasainiwa, fundi na mtunza stoo wailinganishe na mchoro, kipimo kwa kipimo, na wote wawili waweke saini. Litajaribiwa katika upanuzi ujao wa mtandao, na alama ya kufaulu ni kutokuwepo kwa kiungio kinachorudishwa kwa sababu ya kipimo. Pendekezo kama "kuboresha mawasiliano" halifai, kwa kuwa hakuna siku ambayo mtu ataweza kusema limetekelezwa au la.

Kabla ya kusambazwa, waraka usomwe kwa washiriki kumbukumbu zao zikiwa bado mbichi, ndani ya wiki moja ikiwezekana. Anayesema hakueleweka arejeshwe kwenye dakika husika na wasikilize pamoja. Waraka utaje nafasi, kama vile "fundi" au "mtunza stoo", wala si majina, kwa sababu lengo ni kurekebisha utaratibu. Rekodi yenyewe isisambazwe katika makundi ya simu. Sauti humtambulisha mtu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Ikumbukwe kuwa rekodi huhifadhi yaliyosemwa tu. Ikiwa wahudumu wa vituo vya maji walihudhuria na hawasikiki popote, katibu awafuate na kuwauliza, kisha aandike kuwa maelezo hayo yalipatikana nje ya kikao. Waraka uliokamilika usomwe tena siku ya kwanza ya kupanga mradi unaofuata, kabla orodha mpya ya manunuzi haijaandikwa.