Kichwa kinapowaka chini ya blichi

Mteja akilalamika saluni kwamba kichwa kinauma, jibu la haraka ni "vumilia kidogo, bado haijashika." Wengi tumelizoea tangu siku za kuweka dawa ya kulainisha nywele. Kwa blichi ni jibu la hatari, kwa sababu ngozi inayoungua haitulii mpaka kinachoiunguza kiondolewe, na kila dakika ya kuvumilia inaongeza kina cha jeraha.

Unga wa blichi una chumvi ziitwazo pasalfeti, pamoja na kemikali zenye asili ya magadi lakini kali zaidi. Msusi huukoroga na peroksaidi, na hapo kazi inaanza: mchanganyiko unapasha joto, unalegeza ganda la nje la unywele, kisha unavunja rangi iliyo ndani. Hauchagui kati ya unywele na ngozi. Kinachoikinga ngozi ya kichwa ni tabaka lake gumu la juu na mafuta yake ya asili. Vikiwa vizima, mtu husikia kuwashwa kidogo au mchonyoto mwepesi dakika za mwanzo, na hauzidi hapo. Mambo yamebadilika pale maumivu yanapopanda kila dakika, au yanapojikusanya mahali pamoja, mara nyingi utosini au kisogoni, ambako dawa hupakwa kwa wingi na joto hujifungia.

Tumfuate mteja mmoja wa kufikirika, wa aina inayoonekana kila Jumamosi. Amekaa na misuko miezi miwili. Asubuhi anaifumua kwa kitana chenye mkia, na kwa kuwa kichwa kilikuwa kinawasha, anajikuna kwa kucha hadi apate raha. Saluni anaoshwa kwa shampuu mara mbili na kusuguliwa hasa. Akifika kwenye kiti ana mikwaruzo midogo asiyoiona, mafuta ya ngozi yameisha, na vinyweleo vya mbele bado vina vidonda vya kuvutwa. Anataka rangi ya dhahabu siku hiyo hiyo, kwani jioni ana sherehe. Ili kuwahi, msusi anachukua peroksaidi iliyoandikwa 40 vol, yaani asilimia 12, anapaka hadi kwenye mizizi, anafunika kwa mfuko wa plastiki na kumweka chini ya draya.

Hapo sababu nne zimekutana kichwani kwa mtu mmoja: ngozi iliyochubuka, mafuta yaliyooshwa, peroksaidi kali mno na joto la nyongeza. Kwa mizizi inayogusa ngozi, 20 vol, yaani asilimia 6, ndiyo ingekuwa kikomo cha busara, na bila draya. Kama wiki hiyo angekuwa ameweka dawa ya kulainisha, hali ingekuwa mbaya zaidi, maana dawa hiyo nayo hudhoofisha ngozi na unywele. Wanaume nao wamo. Mashine ya kinyozi huacha mikato midogo, na wengi hupakwa blichi dakika chache baada ya kunyolewa.

Dakika ya kumi anasema, "Dada, hapa nyuma panaungua." Hapo hapo draya izimwe na mfuko utolewe, kama kuna foili zifunguliwe, na kichwa kiwekwe chini ya maji yanayotiririka. Maji yawe ya baridi ya kawaida au vuguvugu kidogo, si ya moto na si ya barafu. Kichwa kilazwe nyuma ili maji yasipite machoni. Suuza kwa dakika 20 kwa saa, si kwa makadirio. Kuosha kwa kawaida huchukua dakika mbili tatu tu, na kemikali iliyojificha kwenye mizizi minene huendelea kuunguza baada ya taulo kufungwa. Palipo na tabu ya maji, ndoo na kopo vinatosha mradi mtu asiache kumimina. Ndiyo maana ni haki ya mteja kuuliza kama tangi lina maji kabla unga haujakorogwa.

Wakati huo usimruhusu mtu kukupaka siki, ndimu, dawa ya meno, mafuta ya nazi wala yai. Hata ile shampuu inayotumika kuzima dawa ya kulainisha haikutengenezwa kwa ajili ya blichi. Asidi juu ya ngozi iliyoungua huzidisha jeraha, na mafuta hufungia ndani joto na mabaki ya kemikali. Rangi ya kumalizia, ambayo wasusi huiita tona, iachwe siku hiyo, hata kama kichwa kimebaki na rangi ya chungwa. Hilo ni gumu kulikubali kabla ya sherehe, lakini kilemba kinaficha rangi, na kidonda kilichopakwa kemikali ya pili hakina pa kufichwa.

Nyumbani, kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi hutuliza, na parasetamoli hupunguza maumivu. Usisuke, usigundishe wigi, usipake mafuta yenye manukato mpaka ngozi ipone. Muwasho mwepesi hupungua ndani ya siku moja au mbili.

Kujikagua kunahitaji umakini kwetu wenye ngozi nyeusi. Maelezo mengi husema tafuta wekundu, na wekundu huo huenda usiuone kabisa. Tafuta sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, inayong'aa, iliyovimba au yenye joto ukigusa kwa mgongo wa kiganja. Mwombe mtu agawanye nywele na kupiga picha kisogo, kisha mlinganishe kesho yake.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukiona malengelenge, ngozi iliyochunika, au maumivu makali yasiyopungua baada ya kusuuza. Wa kuogopewa zaidi ni yule anayesema pameacha kuuma, kumbe pamekuwa peupe au kijivu, pakavu na pagumu, bila hisia. Hapo moto umefika chini, na nywele zinaweza zisiote tena mahali hapo. Siku zinazofuata, usaha, magamba ya njano, homa au tezi zilizovimba nyuma ya masikio ni dalili za maambukizi. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Blichi ikiingia jichoni, suuza dakika 20 kisha uende hospitali hata kama jicho limetulia.

Kuna jambo lisilo la kuungua, nalo ni mzio. Pasalfeti zinaweza kuamsha vipele vya mwili mzima, uvimbe wa midomo na koo, kifua kubana na kukoroma, au kizunguzungu, ndani ya dakika chache. Hiyo ni dharura: hospitali mara moja, kichwa kisuuzwe kadiri inavyowezekana bila kuchelewesha safari. Aina nyingine huja polepole, siku moja hadi tatu baadaye, uso na kope zikavimba. Mara nyingi hiyo hutokana na tona au rangi yenye PPD, kemikali iliyomo kwenye kanta nyeusi. Aliyewahi kuvimba kwa kanta au kwa piko amwambie msusi mapema.

Unapokwenda kwa daktari beba pakiti na chupa, au picha za maandishi yake, na utaje muda dawa ilipokaa kichwani. Aliyepata vipele vya mwili mzima au kubanwa kifua asirudie blichi ya unga kwa kubadilisha tu jina la kampuni, kwa kuwa pasalfeti zimo karibu katika zote.