Mtambo wa Gesi ya Samadi ni Tumbo, Si Jaa

Katika mashamba ya visiwa vyetu yawezekana mtu akapita mbele ya nyumba akaona kuba ya saruji imechomoza ardhini, na bomba limetoka hapo kuingia jikoni. Lakini akiingia humo jikoni humkuta bibi wa nyumba ameinama mbele ya seredani, anapuliza makaa kama alivyokuwa akipuliza kabla ya kuba hiyo kujengwa. Mtambo upo, gesi haipo. Katika hesabu za ofisi mtambo huo umehesabiwa kuwa ni mmoja uliokamilika. Katika hesabu ya mwenye nyumba ni fedha zilizozikwa shimoni.

Mara nyingi ubaya hauko katika saruji wala katika ufundi wa mwashi. Umeanza pale mtambo ulipodhaniwa kuwa ni shimo la kutupia taka, nao kwa hakika ni tumbo. Tumbo hula kila siku, hula kwa kipimo, na lina vitu visivyolifaa.

Yafaa basi tueleze kinachofanyika humo ndani. Kinyesi cha ng'ombe kikichanganywa na maji na kufungiwa mahali pasipoingia hewa, vijidudu visivyohitaji hewa hukifanyia kazi kwa zamu. Kundi la kwanza huyavunja mabaki ya majani na vyakula yakawa vitu vyepesi vinavyoyeyuka majini. Kundi la pili huvichachusha vitu hivyo, vikawa asidi za namna ya siki. Kundi la mwisho huzila asidi hizo na kutoa methani, ambayo ndiyo hewa iwakayo. Gesi inayopatikana ni methani kwa kiasi cha sehemu 60 katika 100, na zilizobaki karibu zote ni kaboni dayoksaidi, isiyowaka. Vijidudu hivi vyote vimo tangu mwanzo katika tumbo la ng'ombe mwenyewe, na ndiyo sababu mtambo huanzishwa kwa samadi, si kwa maganda ya ndizi.

Jambo la kushika hapa ni kwamba makundi mawili ya kwanza ni mepesi wa kazi, na la mwisho ni zito tena dhaifu. Likizidiwa, asidi hulundikana na kazi yote husimama. Joto la visiwa vyetu lalifaa sana kundi hilo. Kwetu hakuna haja ya kuupasha moto mtambo kama wafanyavyo watu wa nchi za baridi. Tulichobakiwa nacho ni kulilisha kwa adabu.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye ng'ombe wawili wanaokaa bandani usiku na mchana. Ng'ombe wa kwetu wa namna hiyo hutoa kilo 10 hivi za kinyesi kwa siku, yaani kwa wawili ni ndoo moja ya lita 20. Ndoo hiyo huchanganywa na ndoo moja ya maji, ikakorogwa mpaka ikawa uji usio na mabonge wala nyasi ndefu, kisha ikamiminwa. Uji huo wa lita 40 wahitaji kukaa ndani siku 50 hivi ndipo umalize kutoa gesi. Kwa hiyo nafasi ya uji inayohitajiwa ni 40 mara 50, nayo ni lita 2,000, ukiongeza juu yake nafasi ya gesi kukusanyika.

Kilo moja ya kinyesi kibichi hutoa lita 35 hivi za gesi. Kilo 20 zitatoa 700. Nyumba ikiongeza kilo mbili za mabaki ya jikoni, kama wali, ugali na maganda ya mihogo yaliyokatwakatwa, itapata kama lita 200 zaidi, kwa kuwa chakula ambacho hakijapita tumboni mwa mnyama bado kina nguvu nyingi. Jumla ni lita 900. Jiko moja la kawaida hula lita 300 hivi kwa saa, basi nyumba ina saa tatu za moto kwa siku: chai ya asubuhi, wali na mchuzi wa mchana, na chakula chepesi cha usiku. Gesi hiyo huokoa makaa yapatayo kilo moja na nusu kila siku. Maharage ya kuchemka muda mrefu na pilau ya arusi bado yatataka kuni.

Sasa tutazame makosa. La kwanza ni kuhesabu ng'ombe na kusahau malisho. Ng'ombe hao hao wakishinda machungani, nusu ya kinyesi hubaki huko, na saa tatu za moto hupungua zikawa chini ya mbili. La pili ni kudhani kwamba shimo kubwa huzaa gesi nyingi. Mwenye ng'ombe wawili akijenga shimo la uji wa lita 8,000, kwa lita 40 kwa siku atahitaji siku 200 kulijaza, na gesi yake itazidi kidogo tu ile ya shimo la lita 2,000. Gesi hutoka katika ndoo ya kila asubuhi, haitoki katika ukubwa wa kuba.

La tatu ni pupa ya mabaki ya jikoni. Baada ya karamu, masufuria ya wali hukombwa yote yakamiminwa ndani kwa siku moja. Wali huchachuka upesi, na lile kundi la mwisho halidiriki kuila asidi yote. Dalili yake ni kwamba gesi yaja, tena kwa wingi, lakini kiberiti kikiwashwa moto haushiki au huzimika, kwa sababu inayokuja ni kaboni dayoksaidi. Na tope linalotoka lina harufu kali ya uchachu. Dawa yake ni kuacha mabaki kabisa, na kulisha samadi na maji peke yake, kidogo kidogo, kwa wiki mbili au zaidi, mpaka moto urudi kuwa wa buluu.

Vipo pia vitu vinavyoviua vijidudu hivyo: maji ya sabuni, dawa za kusafishia choo, na maganda ya machungwa yakizidi, kwa ajili ya mafuta yaliyomo. Machicha ya nazi yatiwe kwa uchache, maana mafuta ya nazi nayo huwadhuru. Makumbi na vifuu visitiwe kabisa, kwani havimeng'enyeki. Na kwa sisi watu wa kisiwani kuna la maji: kisima chenye chumvi kidogo chafaa, lakini maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, huizima kazi yote. Maji matamu yakiwa haba, mkojo wa ng'ombe wa bandani waweza kushika nafasi ya sehemu ya maji.

Hadhari moja haina mjadala. Gesi ya siku za mwanzo imechanganyika na hewa; iachiwe itoke, wala asithubutu mtu kuijaribu kwa kiberiti penye kuba. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni juu ya bomba, si kwa moto.

Basi afisa anapokwenda kukagua, asiishie kuitazama kuba. Amuulize bibi wa nyumba mambo matatu: ng'ombe wangapi wanalala na kushinda bandani, ndoo ngapi zimemiminwa leo asubuhi, na jiko limewaka saa ngapi jana. Majibu hayo yakilingana, mtambo ni mzima. Yasipolingana, aandike katika taarifa yake kwamba mtambo una njaa au umevimbiwa, na asirudi mjini kabla ya kujua ni lipi katika hayo mawili.