Mzinga Usio na Baruti: Nani Anaisukuma Risasi?

Tarehe 10 Desemba 2010, katika kituo cha Jeshi la Wanamaji la Marekani huko Dahlgren, Virginia, mzinga usio na hata punje ya baruti ulifyatua risasi kwa nishati ya jouli milioni 33. Ndani yake mna reli mbili za metali zilizolazwa sambamba. Nyuma ya risasi kuna kipande cha alumini kinachozigusa reli zote mbili. Umeme huingia kwa reli moja, huvuka kupitia kipande hicho, kisha hurudi kwa reli ya pili.

Mkondo huo hujenga uga wa sumaku kati ya reli, na uga ndio unaokisukuma kipande mbele. Ukigeuza nyaya, kitakwenda mbele vilevile, kwa kuwa mkondo na uga vimegeuka pamoja. Mkondo ukizidishwa mara mbili, kani huongezeka mara nne. Ndiyo maana mizinga hii hudai umeme wa kutisha.

Tuchukue mzinga wa kukadiria, wenye reli za mita 5 na mkondo usiobadilika wa ampea milioni 2. Kani hufika takriban nyutoni milioni 1, sawa na uzito wa tani mia moja. Mzigo wa kilo 2, risasi na kipande chake, utatoka mdomoni kwa kasi ya mita 2,200 hivi kwa sekunde, ukiwa na jouli milioni 5. Safari yote haifiki hata sekunde moja ya mia.

Sasa fumbo. Uga wa sumaku huisukuma chembe ya umeme kwa upande tu, kukata mwendo wake, kwa hiyo hauwezi kuipa nishati. Basi hizo jouli milioni 5 zimetoka wapi?

Anayelipa ni kapasita zilizochajiwa kabla ya kufyatua. Kipande kinapokimbia huzidi kurefusha njia ya umeme, na hapo huzuka volti inayoupinga mkondo. Karibu na mdomo, volti hiyo hufika 2,200 hivi. Kapasita hulazimika kuusukuma mkondo dhidi ya upinzani huo, na kazi hiyo ndiyo bili yenyewe.

Ajabu ni kwamba bili ni jouli milioni 10, si 5, na joto la reli bado halijahesabiwa. Nusu imekwenda na mzigo. Nusu ya pili imebaki nyuma yake, ndani ya uga uliojaza nafasi kati ya reli. Kipande kikishatoka, mkondo hukosa daraja lakini haukubali kukatika ghafla, hivyo huruka hewani kama radi pale mdomoni na kuziunguza ncha za reli. Baadhi ya wahandisi huufungulia njia nyingine ya kupita, ili sehemu ya nishati hiyo irudishwe kwa ajili ya mfyatuo unaofuata.