Soko Lakua, Bidhaa Yazama: Vyumba Vinne na Uamuzi wa Intel

Mwaka 1984, kampuni ya Intel ya California ilikuwa ikitegemea bidhaa za aina tatu, na ile iliyoipa jina duniani ndiyo iliyokuwa ikiiumiza. Hiyo ilikuwa chipu ya kumbukumbu, inayoshika data kwa muda wakati kompyuta imewashwa. Intel ilianzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya chipu za namna hiyo. Mwaka 1970 ikatoa ile iliyoitwa 1103, na kufikia mwaka 1974 ilikuwa imeshika zaidi ya asilimia 80 ya soko lake. Miaka kumi baadaye Wajapani walikuwa wamelitwaa soko, na sehemu ya Intel ilikuwa asilimia chache tu, haikufika hata nne.

Bidhaa ya pili ilikuwa chipu ya kumbukumbu ya kudumu, ambayo haipotezi kilichoandikwa hata umeme ukizimwa. Hii iliingiza faida kimyakimya, mwaka baada ya mwaka. Ya tatu ilikuwa prosesa, chipu inayofanya hesabu na kuendesha kompyuta nzima. Mwaka 1981 IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani yenye prosesa ya Intel, na kuanzia hapo oda zikaanza kumiminika.

Mkurugenzi aliyetazama mizania ya kampuni nzima aliona namba moja tu ya faida au hasara. Hakuona kwamba bidhaa mbili zilikuwa zinailisha ya tatu. Kuna chombo kilichobuniwa hasa kwa ajili ya kulifichua jambo hilo, na tukio la Intel lafaa kukieleza kwa sababu linaonyesha kinavyofanya kazi na pia mahali kinapokwama.

Chombo chenyewe ni jedwali la vyumba vinne lililotoka Boston, Marekani, katika kampuni ya ushauri ya Bruce Henderson, aliyelieleza kwa maandishi mwaka 1970. Kila bidhaa huulizwa maswali mawili. La kwanza: soko lake linakua kwa kasi gani kwa mwaka? Kwa kawaida mstari huchorwa kwenye asilimia 10, juu yake ni ukuaji wa kasi na chini yake ni ukuaji wa polepole. La pili: sehemu yako ya soko ikilinganishwa na ya mshindani wako mkubwa kuliko wote ni kiasi gani? Hapa ndipo wengi hukosea. Hawalinganishi, wanachukua asilimia yao peke yake. Mwenye kiwanda cha sabuni aliye na asilimia 20 ya soko aweza kuwa mfalme au mtu wa pembeni. Kama anayemfuata ana asilimia 10, gawanya 20 kwa 10, upate 2. Yeye ndiye kinara. Kama aliye mbele yake ana asilimia 40, gawanya 20 kwa 40, upate 0.5. Mstari wa kugawa huchorwa kwenye 1, kwa hiyo kinara peke yake ndiye anayeweza kuuvuka.

Kwa nini kujilinganisha na mkubwa mmoja? Henderson na wenzake waliona, katika miaka ya 1960, kwamba kila mara jumla ya vitu ambavyo kiwanda kimekwisha kuvitengeneza tangu mwanzo inapoongezeka maradufu, gharama ya kutengeneza kimoja hushuka kwa kiasi cha asilimia 20 hadi 30. Mafundi wanazoea, mashine zinarekebishwa, vitu vinavyoharibika vinapungua. Aliyetengeneza vingi kuliko wote ana gharama ndogo kuliko wote, na akishusha bei wenzake huumia kabla yake. Na soko linapokua haraka, huko kuongezeka maradufu huja haraka pia, hivyo pengo kati ya kinara na wengine hupanuka upesi. Ukuaji, tena, hula pesa: lazima ujenge mitambo na ununue malighafi kabla ya kuuza.

Hapo vyumba vinne vyajieleza vyenyewe. Kinara katika soko linalokua haraka ni nyota. Huingiza pesa nyingi na kula nyingi. Kinara katika soko lililotulia ni ng'ombe wa maziwa. Haombi uwekezaji mkubwa, na ziada yake ndiyo inayolisha wengine. Asiye kinara katika soko lililotulia aliitwa mbwa, jina ambalo naliona baya na la hatari, maana wafanyakazi wakisikia bidhaa yao imeitwa hivyo, walio hodari huhama na utabiri unajitimiza. Asiye kinara katika soko linalokua haraka huitwa kiulizo. Hula pesa kama nyota bila kuingiza kama nyota.

Sasa tuziweke bidhaa za Intel. Kumbukumbu ya kudumu: Intel ilikuwa miongoni mwa walio mbele, na faida ilikuwa nzuri. Ilikuwa inafanya kazi ya ng'ombe, ingawa soko lake lilikuwa bado halijatulia kabisa. Prosesa: soko linapaa, na muundo wa chipu za Intel umo ndani ya kompyuta ya IBM na za wengi walioiga. Nyota. Kumbukumbu ya muda: tuseme Intel ilikuwa na asilimia 3, na tumpe kinara 15 tu kwa mfano. Gawanya 3 kwa 15, upate 0.2. Mshindani alikuwa mkubwa mara tano. Soko hilo lilikuwa limekua kwa miaka mingi, likaja kuporomoka kwa bei kuanzia mwisho wa 1984. Kwa hiyo bidhaa iliyoanzisha kampuni ilikuwa kiulizo, na kiulizo kilicho mbali sana na kinara.

Kwa kiulizo, Henderson alikuwa na msimamo mkali: ama uweke pesa za kutosha kumfikia kinara, ama utoke. Kuweka kidogo kidogo ndiyo njia ya uhakika ya kupoteza. Nakubaliana naye hapa kuliko mahali pengine popote katika jedwali lake, kwa sababu hapa ndipo hisia hudanganya zaidi. Watu husema, "Soko linakua, tukae tu." Lakini soko linalokua linamnufaisha aliye mbele. Aliye nyuma hulazimika kuongeza mtaji kila mwaka ili abaki palepale nyuma.

Intel ilikuwa inaweka kidogo kidogo. Karibu theluthi ya pesa za utafiti zilikwenda kwenye kumbukumbu, ilhali mauzo yake yalikuwa sehemu ndogo ya mauzo ya kampuni. Na viwandani jambo tofauti lilikuwa likitokea. Wasimamizi wa uzalishaji walikuwa na kanuni ya kugawa sahani za silikoni, zile ambazo chipu huchongwa juu yake, kwa bidhaa inayoleta faida kubwa kwa kila sahani. Prosesa zilishinda kila mwezi. Kufikia mwaka 1984, kati ya viwanda vinane, kimoja tu ndicho kilichokuwa kinatengeneza kumbukumbu za muda. Kanuni ya kawaida ya kiwandani ilikuwa imekwisha kuamua kile ambacho wakubwa walikuwa bado wanakijadili.

Kwa nini walichelewa? Andy Grove, aliyekuwa rais wa kampuni, alieleza baadaye kwamba imani mbili ziliwashika. Ya kwanza: kumbukumbu ndiyo shule ya teknolojia, mafundi hujifunzia hapo mbinu mpya kisha huzipeleka kwenye prosesa. Ya pili: wauzaji wanahitaji orodha kamili ya bidhaa, la sivyo mteja ataenda kwa mwingine.

Imani hizi hazikuwa upuuzi. Zinagusa udhaifu halisi wa jedwali, kwamba linachukulia kila bidhaa imesimama peke yake. Duka linaweza kuuza mkate bila faida kwa sababu anayekuja kununua mkate huondoka na sukari na majani ya chai. Kwa hiyo kabla ya kufuta bidhaa, swali hilo lazima liulizwe, ila lijibiwe kwa ushahidi. Waulize wateja. Tazama risiti: je, wanaonunua hii hununua na ile? Wauzaji wa Intel walipowapelekea wateja wakubwa habari za kujitoa, wengi hawakushtuka, kwa kuwa Intel ilikuwa imekwisha kuwa muuzaji mdogo mno kwao. Mmoja alishangaa tu kwamba ilichukua muda mrefu hivyo.

Kosa jingine la kuliangalia ni la hesabu. Kuvuna ni kuacha kutumia pesa za utafiti na mitambo mipya, kushikilia bei, kuwahudumia waliopo na kuchukua kinachoingia hadi kiishe. Kunafaa ikiwa bidhaa bado inaacha pesa baada ya kutoa gharama ambazo zingetoweka nayo: malighafi, mafundi wake, matangazo yake. Usihesabu kodi ya jengo na mshahara wa mhasibu, kwa sababu hizo zitabaki hata ukiifuta, na zitaangukia bidhaa nyingine. Biashara nyingi zimefuta bidhaa iliyoonekana ya hasara kwenye karatasi, kisha zikajikuta na hasara kubwa zaidi. Lakini ongeza pia upande wa pili: nafasi inayokaliwa. Kwa Intel, mafundi waliokuwa wakihangaikia kumbukumbu hawakuwa wanahangaikia prosesa, na hilo ndilo lililofanya kuvuna polepole kuwa ghali kuliko kutoka.

Katikati ya mwaka 1985, Grove alimwuliza mkurugenzi mkuu, Gordon Moore: kama bodi ingetufukuza na kuleta mtu mpya, angefanya nini? Moore akajibu bila kusita kwamba angetoka kwenye kumbukumbu. Grove akauliza kwa nini wao wawili wasitoke mlangoni, warudi ndani, na walifanye wenyewe. Mwaka huo kampuni ilitangaza kujitoa. Bei ilikuwa kubwa: viwanda vilifungwa, maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi, na mwaka 1986 Intel iliandika hasara ya zaidi ya dola milioni 170. Jedwali halionyeshi watu hao popote, na mwenye kulitumia anapaswa kuwaweka mezani mwenyewe.

Kilichofuata kwa nyota nacho chastahili kutazamwa. Timu ya watafiti wa kumbukumbu huko Oregon ilihamishiwa kwenye prosesa. Kwa chipu za awali, Intel ilikuwa imeruhusu kampuni nyingine zizitengeneze kwa leseni, kwa sababu wateja walidai wauzaji zaidi ya mmoja. Kwa prosesa ya 386, iliyotoka Oktoba 1985, ilikataa. Anayetaka kompyuta yenye chipu hiyo angeinunua kwa Intel tu. Huko kulikuwa kuilinda sehemu ya soko wakati soko bado linakua, kabla mshindani hajapata nafasi ya kupunguza gharama zake. Mwaka 1992 Intel ikawa kampuni kubwa kuliko zote duniani kwa mauzo ya chipu.