Utangamano wa Irabu na Mfuatano wa Viambishi katika Kituruki

Husemwa mara nyingi kwamba katika Kituruki irabu za viambishi hufuata irabu ya mzizi. Kauli hiyo yamfaa anayeanza kujifunza, lakini makala hii inakusudia kuonyesha kuwa haitoshi. Kinachofuatwa ni irabu ya silabi iliyotangulia, na kwa hiyo utangamano hauwezi kuelezwa pasipo kuzingatia mfuatano wa viambishi vyenyewe.

Kituruki kina irabu 8. Za mbele ni e, i, ö, ü. Za nyuma ni a, ı, o, u. Miongoni mwa hizo, o, ö, u na ü hutamkwa kwa kuviringa midomo. Katika nomino, viambishi tamati hufuatana hivi: wingi, umilikaji, kisha uhusika. Tuchukue mzizi okul, 'shule':

okul-lar-ımız-dan 'kutoka shule zetu'

Kiambishi cha wingi kina maumbo mawili tu, -lar na -ler, kwani huzingatia umbele na unyuma pekee. Cha umilikaji kina manne, -ımız, -imiz, -umuz na -ümüz, kwa kuwa huzingatia pia mviringo wa midomo. Sasa tulinganishe okul-umuz, 'shule yetu', na okul-lar-ımız, 'shule zetu'. Mzizi ni uleule na kiambishi ni kilekile, ila mviringo umetoweka. Sababu ni -lar iliyosimama katikati: irabu yake a haina mviringo, nayo ndiyo inayotazamwa. Laiti mzizi ndio ungeamua, tungepata *okullarumuz, umbo lisilokubalika. Ndivyo ilivyo pia kwa göz, 'jicho': göz-ümüz, lakini göz-ler-imiz.

Jambo hili si geni kwetu. Kiswahili husema gomb-e-a, lakini gomb-an-i-a. -An- ikiingia kati, o ya mzizi haiwezi tena kuleta e. Tofauti ni kwamba kigezo chetu ni kimo cha ulimi, si umbele wala mviringo.

Uthabiti wa mfuatano haumaanishi kwamba kila mofimu itaonekana. Evleri, kutokana na ev, 'nyumba', yaweza kuwa 'nyumba zake', 'nyumba yao' au 'nyumba zao'. Maana ya tatu ingedai *ev-ler-leri, lakini -ler hairudiwi. Moja hudondoshwa, na muktadha ndio huamua.

Maneno ya mkopo yanatatiza zaidi. Kitap, 'kitabu', lina irabu ya mbele na ya nyuma pamoja, hata hivyo viambishi hufuata a ya mwisho bila taabu: kitap-lar-ımız-dan. Lakini saat, 'saa', lenye asili ya Kiarabu kama letu, halitoi *saatlar bali saat-ler, na kuanzia hapo mnyororo wote huwa wa mbele: saat-ler-imiz-den. Matamshi ya irabu yake hayatabiri hilo. Sifa hiyo haina budi kuoneshwa katika kidahizo cha neno lenyewe.